Kupanda mikoko ni ibada, au ni mradi tu?

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa kikundi cha vijana huku pwani, Waislamu kwa Wakristo, tunapanda mikoko kwenye mlango wa mto. Mzee wa kanisa letu anasema hiyo ni kazi ya serikali na wafadhili, ibada ni Jumapili. Ustadhi naye kawaambia wenzetu kwamba kuita kupanda miti ibada ni bidaa. Bibi yangu anacheka tu, anasema zamani pale palikuwa na mzimu na hakuna aliyethubutu kukata mti. Je, kutunza ardhi ni ibada kweli kwa mujibu wa dini zenyewe, au tumebandika dini juu ya mradi? Na kama ni ibada, inafanywaje?*

Marahaba mwanangu. Bibi yako nitamrudia baadaye, maana katika hao watatu naona yeye ndiye aliyekaribia zaidi. Nianze na ustadhi.

Ustadhi ana haki ya kuwa mwangalifu. Katika fikihi, ibada zimegawanywa mafungu mawili. Kuna ibada mahsusi, kama swala, saumu, zaka na hija, ambazo umbo lake limeshawekwa na hakuna mwenye ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Kikundi chenu kikitunga rakaa mbili za mikoko na dua maalumu kwa kila mche, halafu kikawaambia watu kwamba hiyo ni sunna, basi hapo neno bidaa ni lake na amelitumia mahali pake. Fungu la pili ni jambo lolote la halali linalofanywa kwa nia ya kumridhisha Mwenyezi Mungu na ndani ya mipaka yake. Kupanda miti kumo humo, tena kwa nassi iliyo wazi: hadithi iliyomo kwa Bukhari na Muslim inasema Muislamu akipanda mti au akiotesha mmea, kisha akala humo ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Angalia kwamba ndege kahesabiwa. Mpandaji huenda asimwone huyo ndege wala asijue kama alikula, na sadaka inaandikwa vilevile. Ustadhi hawezi kusema kwamba sadaka si ibada, kwa hiyo katika hilo ugomvi wenu ni wa maneno tu, mtakaa naye chini na mtaelewana.

Lakini sitaki tukimbilie miche, kwa sababu kupanda ndiyo sehemu nyepesi. Mwulize ustadhi kuhusu udhu. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja hadi mudi tano. Pishi hapa ni kile kipimo cha Kiarabu kiitwacho saa, ambacho ni mudi nne. Mudi ni ujazo wa viganja viwili vya mtu wa wastani vikikutanishwa. Wanachuoni wamehitilafiana kwenye vipimo vya leo, ila kwa kukadiria tunazungumzia kati ya nusu lita na kitu hadi karibu lita moja. Ijumaa moja nilikinga ndoo ya lita kumi chini ya bomba la msikiti wetu nikatawadha kama ninavyotawadha siku zote, bomba likiwa wazi tangu mwanzo hadi mwisho. Ndoo ilivuka nusu. Niliporudi nyumbani nikapima mililita 700 kwa chupa ya maji ya dukani, nikazitia kwenye birika, nikatawadha kwa kuosha mara tatutatu. Yalitosha, ila kwa shida. Ilinibidi nikunje kiganja, nimimine kidogo, nisubiri maji yafike kwenye kiwiko kabla ya kumimina tena, na miguuni nisugue kwa mkono badala ya kuyaachia maji yafanye kazi yangu. Nilichukua muda mrefu zaidi, na kusema kweli ulikuwa udhu wangu wa kwanza kwa miaka mingi ambao akili ilikuwepo.

(Watu hupenda kunukuu hapa ile hadithi ya kutofanya israfu hata ukiwa kwenye mto unaotiririka. Maana yake ni nzuri, lakini wataalamu wa hadithi wengi wameidhoofisha sanadi yake, basi mimi siiwekei uzito. Mudi moja inatosha.)

Nimekueleza habari ya birika kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo ndilo jibu langu kwako. Katika mila za dini nilizozisoma, utunzaji wa ardhi unapokuwa ibada hauanzi kwa kufanya kitu. Unaanza kwa kuzuia mkono: unaweza kuchukua, hakuna anayekuona, na huchukui, kwa sababu mwenye mali yupo.

Sasa mzee wa kanisa. Yeye atakutolea Mwanzo 1:28, pale mwanadamu anapoambiwa aijaze nchi na kuitiisha na awatawale samaki wa baharini. Msikilize, kisha mwombe ageuze ukurasa mmoja tu, Mwanzo 2:15, Mungu anapomweka mtu katika bustani ya Edeni "ailime na kuitunza". Kwa Kiswahili hayo ni maneno ya shambani, jembe na fyekeo. Kwa Kiebrania ni vitenzi viwili, *avad* na *shamar*. *Avad* ni kulima, lakini pia ni kutumika, kumtumikia bwana, na kumwabudu Mungu. *Shamar* ni kulinda, kama mlinzi wa lango anavyolinda. Vitenzi hivyo viwili vinakutana tena katika Hesabu 3:7-8, na hapo havizungumzii shamba kabisa. Vinazungumzia Walawi na kazi yao kwenye hema ya kukutania. Wafasiri wa Biblia yetu walipofika Edeni waliandika kulima na kutunza, walipofika hemani wakaandika kutumika na kulinda, na msomaji wa Kiswahili hana njia ya kujua kwamba ni maneno yaleyale. Aliyeandika Mwanzo alimweka Adamu bustanini kwa maneno ya kazi ya kuhani.

Tena tuna bahati ambayo Mwingereza hana. *Avad* ya Kiebrania na *abada* ya Kiarabu ni mzizi mmoja, ain-ba-dal, na kutoka huko Kiarabu ndipo Kiswahili kilipopata ibada, kuabudu na maabadi. Kwa hiyo mzee akisema "ibada ni Jumapili", anatumia neno ambalo ndugu yake pacha limesimama katikati ya Mwanzo 2:15 likiwa limeshika jembe.

Nikuonye usilikaze sana hoja hii ikakatika. *Avad* likiwa na ardhi peke yake ni kulima tu. Kaini anaitwa mlimaji wa ardhi kwa neno hilohilo katika Mwanzo 4:2 na hakuna ukuhani hapo. Kinachobeba hoja ni ile jozi, kulima pamoja na kulinda, na pia mkondo wa Torati unaofuata. Mambo ya Walawi 25 inaamuru ardhi ipumzishwe mwaka wa saba: usipande, usipogoe mizabibu, na Kutoka 23:11 inaongeza kwamba kinachoota chenyewe wale maskini, na watakachobakiza wale wanyama wa mwituni. Sababu inatolewa Walawi 25:23, kwamba nchi ni ya Mungu na watu ni wageni tu juu yake. Na katika sura ya 26 kuna kauli nzito, kwamba watu wakikataa kuipa ardhi sabato zake, watapelekwa uhamishoni na ardhi itazichukua yenyewe wakiwa hawapo. Kumbukumbu la Torati 20:19 inakataza jeshi lililouzingira mji kukata miti ya matunda, na Mayahudi wakajenga juu ya aya hiyo katazo zima la kuharibu chochote bure. Mzee akisema haya yametoka kwa wafadhili, mwambie kwamba mwaka 1997 Patriaki Bartholomayo wa Konstantinopoli, kiongozi wa heshima wa Waorthodoksi wote, alisema hadharani kwamba kuharibu mazingira ni dhambi. Neno alilotumia ni hilo lenyewe, dhambi.

Turudi kwa Waislamu, maana kuna taasisi moja ambayo ingefaa kikundi chenu kuifahamu vizuri kuliko aya zote mnazobandika kwenye mabango. Inaitwa hima, yaani eneo la malisho lililofungwa. Kabla ya Uislamu, kabaila wa Kiarabu akitaka malisho alikuwa akipanda kilimani, anambwekesha mbwa wake, na mpaka sauti inapoishia panakuwa pake peke yake. Maskini wakae nje. Mtume akalifuta hilo kwa maneno yaliyopokewa na Bukhari: hakuna hima ila ya Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Yaani eneo laweza kufungwa, lakini kwa maslahi ya umma tu, wala si kwa ajili ya mkubwa. Yeye mwenyewe aliliweka bonde la Naqii karibu na Madina kwa ajili ya farasi wa jihadi.

Kisa ninachokipenda ni cha Umar bin Khattab. Bukhari amekihifadhi pia. Umar alipomweka mtumwa wake aliyemwacha huru, Hunayy, kuwa mlinzi wa hima, alimpa maelekezo ya kazi. Akamwambia aiogope dua ya aliyedhulumiwa. Akamwambia amruhusu mwenye kundi dogo la ngamia na mwenye kundi dogo la kondoo aingie. Kisha akamwambia asiwaingize wanyama wa Abdurrahman bin Auf na wa Uthman bin Affan. Hao ni masahaba wakubwa, na Uthman ndiye aliyekuja kuwa khalifa baada yake! Sababu ya Umar ilikuwa hesabu ya wazi: wao mifugo yao ikifa, watarudi kwenye mitende na mashamba yao, mwenye kundi dogo mifugo yake ikifa, atakuja na watoto wake mlangoni kwangu akilia, na mimi siwezi kumwacha, kwa hiyo kumpa majani na maji ni nafuu kwangu kuliko kumpa dhahabu na fedha ya hazina. Hima ya kweli inamfungia mkubwa kwanza. Ukiona hifadhi inayomfungia mchukuzi wa kuni na kumwachia mwenye lori, ujue ile ni hima ya mbwa wa kilimani imerudi kwa jina jipya.

Sasa nikupeleke Pemba, kwenye Misali, maana ndiko ambako mambo haya yalijaribiwa karibu nasi na tunaweza kuona nini kilishika na nini hakikushika.

Misali ni kisiwa kidogo magharibi ya Pemba, hakifiki hata kilomita moja ya mraba. Hakikaliwi, lakini wavuvi hupiga dago huko kwa siku au wiki. Wazee wanasimulia kwamba Nabii Khidhri aliwafikia wavuvi pale akawaomba msala wa kusalia. Hawakuwa nao. Akawaambia basi kisiwa chenyewe kitakuwa msala wake, kwa kuwa kimeelekea kibla. Kwa mtu wa Pemba kibla ni kaskazini karibu moja kwa moja, kwa sababu Makka iko juu yetu kwenye mstari uleule, na kisiwa kimelala hivyo. Jina Misali likatoka kwenye msala.

Miaka ya 1990 matumbawe ya pale yalikuwa yakipigwa kwa kila namna: baruti, juya la kukokota, na kigumi, yaani kupiga matumbawe kwa miti ili samaki watoke na kuingia wavuni. Baruti ndiyo mbaya zaidi, na ubaya wake unaonekana ukizamia baada ya mwaka mmoja. Mlipuko unapasua vibofu vya hewa vya samaki, wengine wanaelea na wengi wanazama, kwa hiyo hata mlipuaji hapati alichoua. Matumbawe yanabaki kifusi. Yale ya vichaka huweza kuota sentimita kadhaa kwa mwaka, yale makubwa ya mviringo karibu sentimita moja tu. Tatizo ni kwamba kifusi hakitulii. Kila mkondo wa maji unakigeuza, na vijusi vya matumbawe vikitua juu yake vinasagwa kabla havijashika. Ndiyo maana mahali palipolipuliwa panaweza kubaki uwanja wa changarawe miaka mingi hata kama hakuna tena anayelipua.

Palikuwa pia na mpango wa kukikodisha kisiwa kwa ajili ya hoteli. Wavuvi wakapinga, na mwaka 1998 serikali ya Zanzibar ikakitangaza kuwa eneo la hifadhi: takriban kilomita za mraba 22 za kisiwa na bahari, ambamo uvuvi uliruhusiwa kwa zana halali, isipokuwa sehemu moja ya kama kilomita 1.4 ambayo haivuliwi kabisa. Shirika la CARE lilisaidia, na wavuvi wakawa na jumuiya yao. Mabango yakawekwa, doria zikaanza. Waliokuwa wakivunja sheria hawakuacha.

Hapo ndipo ilipoingia taasisi ya Kiislamu ya mazingira iliyoasisiwa Uingereza na Fazlun Khalid. Walichofanya hakikuwa kigeni. Waliwakalisha maimamu, walimu wa madrasa, masheha na wavuvi, wakasoma pamoja aya wanazozijua tangu utotoni: mwanadamu kuwa khalifa, mizani iliyowekwa na isipunjwe, ufisadi uliodhihiri bara na baharini kwa yale iliyochuma mikono ya watu. Aya hii ya mwisho, ya sura ya Rum, kwa mtu anayeishi kwa bahari haihitaji tafsiri ndefu. Mambo yakaingia kwenye hotuba za Ijumaa na kwenye madrasa. Mvuvi mmoja aliwaambia waandishi wa habari neno ambalo limenukuliwa sana tangu wakati huo, kwamba serikali ni rahisi kuipuuza, lakini sheria ya Mungu hakuna wa kuivunja.

Nimelifikiria sana neno hilo, na naona linahitaji maelezo, kwa sababu sheria ya Mungu watu huivunja kila siku. Nadhani alichokuwa akisema ni kuhusu nani anakuona. Boti ya doria inakuona ikiwa na mafuta, na usiku wa manane haina. Ukivuta wavu ndani ya eneo lililofungwa saa tisa za usiku, mbele ya sheria ya serikali hujafanya kitu mpaka ukamatwe. Mbele ya yule aliyefundishwa udhu wa mudi moja, umeshafanya. Na lipo jambo la pili: mvuvi anayelipua baruti akiambiwa na bwana samaki kwamba amekosa, hujibu kwamba riziki inatoka kwa Mungu na bwana samaki hana riziki ya mtu. Akiambiwa na imamu wake, jibu hilo linamfia mdomoni, maana imamu ndiye aliyemfundisha.

Hata hivyo usikuze habari ya Misali kuliko ilivyo. Hotuba haijazi chungu. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu, na huyo anayegaagaa ukimfungia upwa bila kumfungulia mahali pengine, ataswali Ijumaa na Jumamosi atavua pale pale. Kuna wavuvi waliokuja kutoka mbali ambao hawakuwa katika msikiti wowote uliohusika. Na mradi wowote wenye fedha za nje una siku yake ya kumalizika. Mwaka 2005 Misali iliingizwa ndani ya eneo kubwa zaidi la hifadhi la Mkondo wa Pemba, linalosimamiwa na serikali, na kazi ya maadili haikuendelea kwa nguvu ileile. Ninachochukua kutoka Misali ni hiki: dini ilimfanya mvuvi awe mlinzi wa mkono wake mwenyewe, lakini haikuchukua nafasi ya mpaka uliochorwa vizuri, boti yenye mafuta, na mkopo mdogo wa kununua mshipi na wavu halali.

Sasa bibi yako na mzimu wake. Kisiwani Misali kwenyewe kuna mapango ambayo waganga walikuwa wakiyaendea, na kwenye pwani ya Kenya kuna kaya za Wamijikenda, vijiji vya kale vilivyozungushiwa msitu. Watu wameshahama, msitu umebaki kwa sababu ya fingo, yaani hirizi za ulinzi zilizozikwa, na makaburi ya wazee. UNESCO iliziingiza kadhaa katika urithi wa dunia mwaka 2008. Ukienda Kaya Kinondo, kusini ya Diani, unafungwa kaniki nyeusi kiunoni kabla ya kuingia, unafuata njia, huchumi jani, huokoti kijiti. Msitu ule ni kama hekta 30 tu, umezungukwa na mashamba na mahoteli, na ndani yake kuna miti ambayo nje imekwisha. Hakuna semina iliyofanya hivyo. Ni mwiko.

Ustadhi na mzee wa kanisa hawatakubali kusujudia mzimu, wala sikuombi uwaambie wafanye hivyo. Mimi pia ni Muislamu na nina mpaka wangu. Lakini tazama kilichotokea sehemu nyingi za kaya. Vijana waliposilimu au kubatizwa waliacha kuogopa, na hakuna aliyewapa katazo jipya mahali pa lile la zamani. Mwiko ukaondoka na mti ukaondoka nao. Dini ilimfukuza mlinzi wa mlango na ikasahau kuweka wake, ilhali ilikuwa naye, jina lake Hunayy. Ndiyo maana bibi anacheka. Yeye anakumbuka mahali palipokuwa na mpaka, na nyinyi mnakuja na miche.

Basi inafanywaje? Kwa Wakristo wenzako kuna mfano wa Zimbabwe. Huko Masvingo, miaka ya 1990, makanisa ya Kiafrika ya kujitegemea yaliungana katika kazi ya kupanda miti pamoja na mtaalamu wa dini Inus Daneel, na wakaiingiza kazi hiyo ndani ya Ushirika Mtakatifu wenyewe. Waumini walikwenda mezani na mche mkononi. Kabla ya hapo palikuwa na toba: mtu anataja mbele ya kanisa miti aliyoikata bila ruhusa, kingo za mto alizozilima, ng'ombe aliowaacha wakamomonyoa ardhi. Manabii wa makanisa hayo waliyaita makosa hayo kwa jina la Kishona la uchawi. Mzee wako akitaka kujua ni ibada ya namna gani, mwambie ni ile ambayo mtu anaweza kukataliwa mkate kwa sababu ya shoka lake. Kwa hiyo katika kanisa lenu, kama mchungaji ataridhia, naona toba itangulie miche, na wanaotubu wataje mahali kwa jina: kijito fulani, kona fulani.

Na katika kazi yenyewe, ifanyeni vizuri, kwa sababu Mlawi hakuruhusiwa kuweka kinara popote alipopenda. Vikundi vingi vinapanda mkoko, ule wenye mbegu ndefu kama mkuki, mbele kabisa kwenye tope linaloelekea bahari, kwa sababu pale pako wazi na picha inatoka vizuri. Pale si mahali pake. Mstari wa mbele katika pwani yetu kwa kawaida ni wa mlilana. Mkoko unakaa nyuma yake, na mkandaa nyuma zaidi. Mkipanda mkoko mbele, mawimbi yatautikisa, chaza wadogo watagandamana kwenye shina mpaka uiname, na baada ya miezi michache mtakuta vijiti. Kabla ya kupanda tembeeni wakati maji yametoka, mtazame ni mti gani umesimama kwenye kina kilekile katika sehemu ambayo haijakatwa. Mkikuta miche iliyojiotea yenyewe, acheni. Mungu kashapanda, kazi yenu hapo ni kulinda tu, na ndiyo *shamar*.

Badala ya kuhesabu miche siku ya kupanda, hesabuni iliyo hai baada ya mwaka, tena baada ya miaka miwili, na namba hiyo isomwe msikitini na kanisani hata kama inaaibisha. Kisha chagueni kipande kimoja, kidogo, chenye alama zinazojulikana, mkifunge kwa makubaliano ya pande zote mbili pamoja na bibi na wazee wenzake, na serikali ya kijiji iandike, maana mikoko kisheria ni msitu wa serikali na hamwezi kuweka masharti yenu wenyewe. Mkifunge wapi, hilo mnajua nyinyi. Ila mkae na swali la Umar mezani: mama anayeokota kuni kavu kwa ajili ya chai ya asubuhi aingie au asiingie? Mimi namwingiza. Na yule anayepakia boriti usiku kwa ajili ya kuziuza mjini, ambaye labda ndiye aliyechangia mazulia ya msikiti au kengele ya kanisa, nani atakwenda kumwambia kwamba kuanzia mwezi ujao haingii?

Mkishamjua mtakayemtuma, niandikie. Nitakuletea maneno ya Umar kwa Hunayy kwa Kiarabu na Kiswahili, aende nayo mkononi.